Nimeombwa kuongea na wazazi kuhusu wasiwasi wa watoto, niwaambie nini?

Shikamoo Anti. Mimi ni mwalimu wa malezi shule ya msingi, mkuu wa shule kanipa kazi ya kuongea na wazazi jioni moja mwezi ujao, mada ni dalili za mwanzo za wasiwasi kwa watoto, na nimepewa dakika 40. Nimeshaandaa slaidi, nimeorodhesha dalili ishirini na kitu, lakini kila nikizisoma naona karibu kila mtoto darasani kwangu anazo tatu au nne. Naogopa wazazi wengine watatoka pale wamepaniki, na wengine watasema watoto wa siku hizi wanadekezwa tu, tena kuna baba mmoja kashaniambia hivyo hivyo getini. Nisaidie, niwaambie nini ili wakifika nyumbani waweze kuona kitu kweli?

*

Marahaba mwalimu. Mi ningekushauri hiyo slaidi ya dalili uiache, usiende nayo ukumbini. Siyo kwamba ni ya uongo, ila dalili ikikaa peke yake haimwambii mzazi kitu. Tumbo kuuma, kulia lia, kuchelewa kulala, kukasirika ovyo, hivyo vyote vinampata mtoto yeyote kwa sababu mia. Mzazi anatakiwa aangalie mpangilio, yaani hiyo shida inakuja lini, inaondoka lini, na inamfanya mtoto akose nini. Maswali matatu tu. Ningeyajengea mazungumzo yote juu ya hayo, halafu ningewaonyesha yanavyofanya kazi kwa mtoto mmoja wa mfano na dalili moja ambayo karibu kila mtu mle ndani ameshaiona nyumbani kwake, lile tumbo la asubuhi ya kwenda shule.

Wape mtoto wa miaka 9, mpole, hana kesi na mtu. Jumapili jioni anaanza kunyamaza, anauliza kesho kuna vipindi gani. Jumatatu asubuhi anasema tumbo linauma, mama anampa maji, anamshika kipaji cha uso hana homa, anambembeleza, muda unaenda, mwisho anaamua abaki nyumbani. Ikifika saa tatu mtoto anacheza. Mama anaona kadanganywa na anakasirika. Jumanne anaenda shule vizuri kabisa, Jumatano tumbo tena.

Hapa usiende haraka, maana wazazi wengi wanapotelea hapa. Waambie lile tumbo linauma kweli. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inapelekwa zaidi kwenye misuli na utumbo unabadilisha mwendo wake, ndo maana mtoto anasikia kunyongwa tumboni, kichefuchefu, au anakimbilia choo mara tatu kabla ya kutoka nje. Hatari ikiondoka, yaani akishaambiwa leo hauendi, mwili unatulia, na maumivu yanaondoka nayo. Kwa hiyo kucheza saa tatu hakumaanishi alikuwa anaigiza. Kunamaanisha kilichokuwa kinamtisha kimeondoka, na hiyo ni taarifa nzuri sana kwa mzazi anayejua kuisoma.

Ila hapo hapo uwape na upande wa pili, ili mtu asije akafunika ugonjwa wa kweli kwa jina la wasiwasi. Tumbo linalomwamsha mtoto usingizini, tumbo lenye homa au kutapika kunakojirudia, damu kwenye choo, mtoto anayepungua uzito au asiyekua kama alivyokuwa anakua, maumivu yanayokaa sehemu moja mbali na kitovu, huyo anaenda kwa daktari kwanza, hakuna cha kusubiri wala nini. Na hata bila hayo, tumbo linalojirudia linastahili daktari aliangalie mara moja ili kila mtu awe na amani.

Sasa daftari. Mwambie mzazi aandike kwa wiki mbili, mistari mifupi tu: siku na saa shida ilipoanza, kitu gani kilikuwa kinafuata baada ya hapo, yeye mzazi alifanya nini, na ilikwisha saa ngapi. Asimwonyeshe mtoto wala asimhoji kila saa. Kwa mtoto wetu wa mfano daftari likijaa linasema hivi: Jumamosi hakuna kitu, Jumanne na Alhamisi hakuna kitu, Jumatatu na Jumatano ipo, na Jumapili jioni inaanza mapema. Mama anakuja kwako na daftari, unafungua ratiba, Jumatatu na Jumatano ndo siku ambazo watoto wanasimama mmoja mmoja kusoma kwa sauti mbele ya darasa. Kabla ya hapo mama alikuwa anasema mtoto wangu anachukia shule. Mtoto hachukii shule, anaogopa dakika kama tano hivi ndani ya wiki nzima, na dakika tano unaweza kuzifanyia kazi.

Kabla hujaanza kuzifanyia kazi lazima ujue kwanini anaogopa, na hapa wewe mwalimu una nafasi ambayo mzazi hana. Anasoma vizuri akiwa peke yake au kusoma kwenyewe ndo shida? Anaona ubao na kitabu vizuri? Kuna wanaomcheka au kumwonea akikosea? Maana kama anaonewa, hofu yake iko sahihi, na kazi yako ni kukomesha uonevu, siyo kumfundisha mtoto auzoee. Kama shida ni kusoma, anahitaji kusaidiwa kusoma. Na kama mtoto anamwogopa mtu mzima fulani, au kuna mahali hataki kabisa kuachwa, hapo mzazi asikilize kwa makini na asimlazimishe mpaka ajue kuna nini. Ukishahakikisha hakuna hayo, kinachobaki ni hofu ya kukosea mbele za watu, na hiyo ndo ambayo nyumbani tunailisha bila kujua.

Inalishwaje? Hii ndo sehemu ambayo ningeipa muda mrefu kuliko zote. Mtoto akibaki nyumbani Jumatatu anapata nafuu kubwa, na ile nafuu inamfundisha kitu kimoja, kwamba kilichomwokoa ni kutokwenda. Hajapata nafasi ya kugundua kwamba hofu ingepanda, ingefika juu, halafu ingeshuka yenyewe akiwa pale pale darasani. Kwa hiyo wiki inayofuata hofu inaanza mapema zaidi, siyo asubuhi tena, ni Jumapili mchana. Baada ya wiki chache hata Jumanne inaingia. Ukiona eneo la vitu anavyovikwepa linapanuka, hiyo ndo dalili nzito kuliko machozi yoyote.

Na kukwepa siyo kubaki nyumbani tu, kuna kukwepa kwa maneno. Mtoto anauliza usiku, "mama, kesho mwalimu ataniita?" Mama anajibu hapana hatakuita, lala. Dakika kumi baadaye anauliza tena, na tena, kila jibu linamtuliza kidogo halafu linaisha nguvu. Wazazi wanaingia kwenye hili kwa upendo kabisa: wanajibu maswali yale yale, wanaongea kwa niaba ya mtoto mbele ya wageni, wanalala naye, wanampigia mwalimu asimwite. Wataalamu wanakuta haya karibu kwenye kila familia yenye mtoto mwenye wasiwasi, siyo mambo ya wazazi wabovu, kwa hiyo yaseme bila kumnyooshea mtu kidole, ukumbi utakuwa umejaa watu wanaofanya hivyo hivyo.

Sasa yule baba wa getini. Mpe haki yake, nusu ya anachosema ni kweli, kumwondolea mtoto kila kinachomtisha kunakuza hofu. Nusu ya pili ndo inamwangusha, pale anapoona dawa ni kumkaripia na kumsukuma mzima mzima mpaka mbele ya darasa. Mtoto aliyesukumwa hivyo akatetemeka, akakosea, akachekwa, kajifunza kwamba alikuwa sahihi kuogopa. Mzazi mpole anamwondolea, mzazi mkali anamtupa, na wote wawili hawajampa nafasi ya kufika pale kwa hatua anazozimudu.

Hatua zenyewe waonyeshe kwa yule yule mtoto wa mfano, usiongeze mwingine. Mtoto na mama wanakaa siku isiyo na presha, wanapanga kutoka rahisi kwenda ngumu, na mtoto mwenyewe anatoa namba ya hofu, 0 mpaka 10, kwa kila moja. Kumsomea mama aya moja akiwa amesimama, anasema 2. Kukusomea wewe peke yako darasa likiwa tupu, 4. Kukusomea akiwa na rafiki zake wawili, 5. Kusoma sentensi moja darasani, sentensi anayoijua tangu jana yake, akiwa amekaa, 7. Kusoma aya akiwa amesimama, 9. Anaanza na ya 2, anairudia siku kadhaa mpaka yeye mwenyewe aseme imeshuka, ndo wanapanda. Wakikwama wanakata hatua vipande viwili, hawarudi mwanzo. Na katika kipindi hicho chote anakwenda shule kila siku, hata kama anachelewa kidogo, hata kama ile Jumatatu hasomi bado, kwa sababu kila siku anayobaki nyumbani inafanya siku inayofuata kuwa nzito zaidi.

Waambie na ukweli kwamba siku za mwanzo mambo huwa yanazidi. Mtoto aliyezoea mama akibembelezwa anaghairi, akikuta safari hii mama haghairi, atalia zaidi kabla hajapunguza. Mzazi asiyejua hili anaona mpango umeshindwa siku ya tatu, anauacha, na mtoto anajifunza kwamba ukilia sana kuliko jana inafanya kazi.

Maneno ya kusema nayo wape, wazazi wanapenda kuondoka na sentensi mkononi. Wengi wetu tunasema "hakuna cha kuogopa bwana", mtoto anasikia kwamba hajaeleweka, anaongeza sauti. Bora mzazi aseme vitu viwili kwa pamoja, "naona unaogopa, na najua utaweza kuwa pale hata ukiwa unaogopa". Basi, haongezi hotuba. Kwa lile swali la usiku linalojirudia, mnakubaliana mchana kwamba litajibiwa mara moja, likija tena jibu ni "hilo tumeshaliongea, unafikiri nilijibu nini?" Na mzazi akitaka kujua kinachomsumbua mtoto asimpe jibu ndani ya swali, ukimwuliza mtoto "unaogopa mtihani?" atasema ndiyo hata kama siyo. Amwulize "ukifikiria kesho, sehemu gani ndo mbaya kuliko zote?" halafu anyamaze, wakiwa wanatembea au wanaosha vyombo, watoto wengi wanaongea zaidi usipowaangalia usoni.

Wakati umeshawaeleza mpangilio, ndo uwaambie kuna watoto ambao wasiwasi wao haulii wala haulalamiki tumbo, na hawa kusema kweli ndo wananiuma zaidi maana sisi walimu tunawasifia. Yule anayefuta kazi yake mpaka karatasi inatoboka, anayechukua saa mbili kwenye homework ya nusu saa, anayekuletea daftari kila baada ya mstari kuuliza ni sawa? Yule anayeomba kwenda choo kila kipindi cha hesabu. Yule anayeongea vizuri nyumbani na shuleni hatoi neno, siyo wiki ya kwanza tu, ni zaidi ya mwezi. Na yule ambaye shuleni ni malaika, akifika tu nyumbani anapiga mlango na kugombana na wadogo zake, kajikaza kutwa nzima na sasa kaishiwa. Mzazi wa huyo wa mwisho anakuja kwako kulalamika tabia mbaya, wewe unashangaa tunaongelea mtoto yupi, mkikaa pamoja na yale maswali matatu mtaelewana.

Kuhusu umri pita haraka, ila usiache. Mtoto wa mwaka mmoja kulia mama akitoka ni kawaida, wa miaka minne kuogopa giza ni kawaida, wa miaka saba au nane kuanza kuuliza kuhusu kifo ni kawaida, na anayeingia ujanani kujali sana wenzake wanamwonaje ni kawaida pia. Hofu ya umri inakuja na kuondoka na haimzuii mtoto kuishi. Miongozo ya madaktari inataka hofu ya kutengana na mzazi idumu angalau wiki 4 kwa mtoto kabla haijaitwa ugonjwa, na wasiwasi wa kila kitu miezi 6. Lakini hiyo miezi ni ya daktari kutoa jina, siyo ya mzazi kukaa akisubiri. Kama mtoto ameshaanza kukosa shule, usingizi au marafiki, wiki mbili za daftari zinatosha kwenda kuongea na mtu.

Atakayekuuliza "je hii inatibika au ndo kaumbwa hivyo", una jibu. Kuna utafiti mkubwa ulitoka Marekani mwaka 2008, watoto 488 wa miaka 7 mpaka 17 wenye wasiwasi uliofikia ugonjwa, wakafuatiliwa wiki 12. Waliopewa tiba ya mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua kama zile za juu, karibu asilimia 60 walipata nafuu kubwa, waliopewa na dawa pamoja ilikuwa kama asilimia 81, na waliopewa vidonge visivyo na dawa kama asilimia 24. Kwa hiyo inatibika kwa wengi, siyo kwa wote, na dawa ni mambo ya daktari, usiingie huko jukwaani. Chuo Kikuu cha Yale nako walijaribu kufundisha wazazi peke yao, mtoto hakanyagi kliniki, mzazi anafundishwa kuonyesha anaelewa na kupunguza kumwondolea mtoto vitu kidogo kidogo, na matokeo yaliyochapishwa 2020 hayakuwa chini ya yale ya kumtibu mtoto mwenyewe. Hii waambie kwa sauti, maana mle ndani kuna mzazi ambaye mtoto wake hataki kabisa kwenda kwa mshauri, anadhani basi imeshindikana.

Kwenye kuendesha jioni yenyewe: mwanzo kabisa omba watu wasitaje mtoto kwa jina wala kuhadithia ya nyumbani mbele ya wote, kesho watoto watajua. Gawa vikaratasi, maswali yaandikwe bila jina, jibu dakika kumi za mwisho. Mtu akikuuliza "mwanangu anao?" usijibu pale, hata kama unahisi unajua. Ukitaka kugawa dodoso kuna lile linaloitwa SCARED, lina maswali 41, liko la kujazwa na mtoto na liko la kujazwa na mzazi, na ni la kuchuja tu, halitoi ugonjwa. Mi nisingeligawa ukumbini, ningelitumia baadaye mzazi akija mmoja mmoja, tena utashangaa majibu ya mtoto na ya mzazi yanavyopishana, na pale yanapopishana ndo pa kuanzia mazungumzo.

Kitu kimoja usikiachie swali, kiseme mwenyewe kabla hujamaliza. Mtoto akisema anatamani kufa, au asingekuwepo, au ukaona anajiumiza, hakuna wiki mbili hapo. Ni siku hiyo hiyo hospitali au kwa mtaalamu, na haachwi peke yake, hata akisema nilikuwa natania.

Halafu wape tarehe. Usimalize na "mlango wangu uko wazi", kila mtu anasema hivyo na hakuna anayekuja. Sema kuanzia wiki ya tatu baada ya leo nakaa siku fulani saa fulani, aliye na daftari aje nalo, dakika 20 kila mmoja. Watakuja wachache, wengine watakuta hakuna mpangilio wowote, tumbo linakuja siku yoyote hata likizo hata wikiendi, hao warudishe kwa daktari wakiwa na daftari lao, litamsaidia na yeye. Wengine mtaona kitu dakika ya tano, mtaifungua ratiba pamoja na kuanza kupanga ile hatua ya 2.